Unavaa raba namba 42? Pima mguu kwanza kabla ya kuagiza viatu vya magurudumu

Wanaoanza kuteleza huniuliza sana, "Mimi navaa 42, nichukue namba ngapi?" Mimi huwaomba kwanza urefu wa mguu kwa milimita.

Jamaa mmoja niliyemsaidia kuagiza alikuwa na raba za 42. Namba hiyo ya Ulaya haitokani na mguu wako. Inatokana na foroma, lile umbo ambalo kiatu hushonewa juu yake, na kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo 42 ni sentimita 28. Tulimsimamisha juu ya karatasi jioni, kisigino kikigusa ukuta, tukapata milimita 265. Raba yake ilikuwa na nafasi ya ziada ya milimita 15, na anaihitaji, maana mtu akitembea mguu hukunjika na vidole husogea mbele.

Kiatu cha kuteleza hakikunjiki. Mguu unatulia ndani yake, na ukiegemea upande mmoja gurudumu au chuma cha chini kinapaswa kufuata papo hapo. Ile nafasi ya ziada hapa ni hasara. Tulimwagizia viatu vilivyoandikwa 265 kwenye ulimi. Kampuni nyingi za viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja huandika urefu wa mguu hivyo, kwa milimita au sentimita, na hiyo ndiyo namba ya kuamini. Viatu vya hoki ya barafu navyo huwa chini ya namba yako ya kawaida kwa moja hadi moja na nusu.

Vilipofika alilalamika vinambana. Nikamwambia avae soksi moja nyembamba, agonge kisigino nyuma, afunge kamba, kisha asimame wima. Vidole viligusa mbele kidogo. Alipokunja magoti vikarudi nyuma, na kisigino hakikuinuka. Hapo kiatu kimekaa. Sponji ya ndani hulegea kadiri unavyovaa, kwa hiyo kinachokaa kama slipa dukani kitakuwa kikubwa baadaye. Lakini vidole vikibaki vimejikunja hata magoti yakiwa yamekunjwa, rudisha, ni kidogo mno.

Kiatu kikubwa hujionyesha haraka: vifundo vinalalia ndani, kisigino kinatoka malengelenge, na mtu anakaza kamba mpaka mguu unakufa ganzi. Wengi hudhani miguu yao ni dhaifu.

Kwa watoto, ile tabia ya kununua kikubwa "atakikulia" naipinga kabisa. Tafuta vile vinavyorefushwa kwa kitufe au skrubu. Anza na mguu wake wa leo, kisha umpime upya kila anapolalamika kuhusu vidole.