Ripoti ya taka za mji: jedwali la kulinganisha liandike mwisho

Nimesoma na kusahihisha ripoti nyingi za taka ngumu, na nyingi zinafanana. Ukurasa wa tatu au wa nne kuna jedwali la safu nne: dampo, tanuri la kuteketeza, mboji, urejelezaji. Chini yake faida, hasara na alama, kisha mshindi anatangazwa. Ushauri wangu kwa anayeandika ripoti ya namna hiyo kwa mji unaokua ni kuliacha jedwali hilo hadi mwisho kabisa, kwa sababu njia hizo nne hazigombei taka zilezile. Ukigusa moja, nyingine zote zinabadilika.

Kwanza iweke sawa ngazi ya usimamizi wa taka. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2008/98/EC linaipanga hivi: kuzuia taka zisizalishwe, kuandaa vitu vitumike tena, kurejeleza (mboji inaweza kuhesabiwa hapa), kisha kupata manufaa mengine kama nishati, na mwisho kutupa. Waandishi wengi huliweka tanuri juu ya dampo moja kwa moja. Si hivyo. Chini ya agizo hilo, tanuri la taka za mji hupanda ngazi ya nne pale tu linapozalisha nishati kwa ufanisi uliowekwa. Likiunguza taka ili zipungue tu, liko ngazi ya tano pamoja na dampo.

Baada ya hapo nenda kapime taka. Lori linamwaga juu ya turubai, mnachanganya kwa koleo, mnagawa rundo mafungu manne, mnatupa mawili yanayokabiliana na kurudia hadi ibaki sampuli ya kama kilo 100. Hiyo ndiyo inayochambuliwa kwa mkono. Utashangaa vitu viwili: uzito wa pampasi, na wingi wa mchanga unaobaki chini mnapomaliza kuokota kila kitu. Sehemu ya sampuli inakaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, na tofauti ndiyo unyevu. Pima msimu wa mvua na wa kiangazi. Namba za msimu mmoja huwa na matumaini kupita kiasi.

Sasa tuchukue tani 100 za mji wa kubuni, zenye mchanganyiko wa kawaida kwa mji wa kipato cha chini. Tani 55 ni mabaki ya chakula na majani, 10 plastiki, 8 karatasi, 10 nguo na pampasi, 12 mchanga na vumbi, 5 vioo na metali. Kila kilo ya mabaki mabichi ya chakula hutoa kama megajuli 3 tu za joto linalobaki baada ya maji yake kugeuka mvuke. Plastiki chafu kama ya dampo tuipe 28, karatasi 12, nguo na pampasi 9. Mchanga, vioo na metali havitoi kitu. Wastani wa mchanganyiko wote unakuja megajuli 6.3 kwa kilo.

Mwongozo wa Benki ya Dunia kuhusu kuteketeza taka unataka wastani wa mwaka usiopungua 7, na usishuke chini ya 6 katika msimu wowote. Kwa hiyo mji wetu uko chini ya wastani unaotakiwa hata kabla ya mvua kunyesha. Huu si wasiwasi wa darasani. Timarpur, Delhi, tanuri la tani 300 kwa siku lililojengwa mwaka 1987 lilisimama baada ya wiki chache tu, kwa sababu taka zilizofika hazikuwa na joto lililotarajiwa.

Hapa ndipo jedwali la safu nne linapovunjika. Tuseme mji unafanikiwa kurejeleza nusu ya plastiki na nusu ya karatasi. Zimetoka tani 9, lakini zimeondoka na karibu theluthi moja ya joto lote. Kilichobaki kina megajuli 4.9 kwa kilo, na tanuri litaomba dizeli. Geuza upande: acha plastiki, ila tenganisha nusu ya mabaki ya chakula upeleke kwenye mboji. Kilichobaki kinapanda hadi 7.6. Fanya yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo ripoti nyingi hupendekeza pamoja na tanuri bila kupiga hesabu, unapata 5.7. Kwa hiyo mboji inalilisha tanuri, urejelezaji unalinyima chakula. Mkataba wa tanuri ukiulazimisha mji kuleta tani fulani kila siku kwa miaka mingi, plastiki iliyokuwa iende kwa wanunuzi wa chakavu itaishia motoni. Kifungu hicho kitafute kwenye mkataba kabla hujaandika chochote kuhusu ngazi.

Na usiandike kwamba tanuri linamaliza taka. Kiasi cha robo ya uzito hurudi kama majivu mazito, na kuna majivu laini ya kwenye vichujio vya moshi, machache lakini yenye sumu, yanayohitaji sehemu maalumu ya kutupwa.

Kwenye mboji, swali ni utenganishaji unafanyika wapi. Mabaki yaliyotengwa nyumbani yakifika tani 27.5, tuseme tani 3 zitachujwa kama uchafu, na 24.5 zilizobaki zitatoa kama tani 10 za mboji. Zilizopotea ni maji na hewa ukaa. Lundo linatakiwa lifike nyuzi 55 na kukaa hapo, hali linageuzwa, kwa siku 15 ili vijidudu vife. Likinuka kama mayai viza, hewa haipiti. Likipoa mapema, mara nyingi limekauka. Lakini mboji iliyotokana na taka zilizochanganywa kwenye lori hata iwe moto namna gani bado ina vigae vya vioo na metali nzito, na mkulima akijikata kidole mara moja harudi tena. Mboji ya aina hiyo inahesabika kama kifunikio cha dampo, si bidhaa.

Turudi kwenye hesabu. Urejelezaji na mboji kwa pamoja, pamoja na tani 3 za uchafu wa mboji na nyingine 2 zisizouzika kwenye kituo cha kuchambulia, vinaacha tani 68.5 kati ya 100 kwenda dampo. Dampo la kisasa halikwepeki, basi lipangie bajeti ya utando wa chini, ya kutibu maji machafu yanayochuruzika na ya mabomba ya gesi, ambayo kama nusu yake ni methani.

Dampo ambalo lingejaa kwa miaka 20 taka zisipoongezeka litaonekana limepata miaka 29, na hiyo ndiyo namba wanasiasa hupenda. Ila mji unakua. Taka zikiongezeka asilimia 5 kwa mwaka, dampo hilo bila mpango wowote linajaa kwa miaka 14, na ukiwa na mpango wote huo linajaa kwa miaka 18 na nusu. Umepata miaka minne na kitu, si tisa. Na kabla miaka minane haijaisha, malori yanayoingia kila siku yatakuwa mengi kama siku ulipoanza.

Kinachobadilisha picha hiyo ni ngazi ya juu kabisa, ile ambayo ripoti huipa aya moja. Mpango uleule, ongezeko likishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, unalifikisha dampo miaka 21. Kuzuia taka hakumo kwenye safu nne kwa sababu hakuna mtambo wa kununua, kwa hiyo ukuwekee mstari wake kwenye grafu ya maisha ya dampo, na mhimili wa chini uwe miaka, si asilimia.