Mikato 22 ndani ya dakika moja, na watu bado wakaondoka

Nilipoanza kuhariri video za mapishi niliamini kwamba mtazamaji akiondoka, basi nimekata polepole. Nikawa nakata kila penye pumzi. Aliyenitoa huko ni daftari la mistari na video moja ya pilau ya dakika 10.

Chukua video yako, ipitie dakika moja moja, uandike safu mbili. Ya kwanza ni mikato: kila picha inaporuka, hata kama ni wewe yuleyule kwenye kiti kilekile. Ya pili ni mabadiliko ya tukio, yaani mahali, shughuli au mada inapogeuka. Usizichanganye. Dakika inaweza kuwa na mikato 20 na tukio lisibadilike hata mara moja.

Video zikiwa nyingi, programu ya ffmpeg itakutafutia mikato kwa amri hii:

```
ffmpeg -i pilau.mp4 -vf "select='gt(scene,0.3)',showinfo" -f null -
```

Kila `pts_time` inayotokea ni sekunde ya mkato. Ila mruko wa mtu aliyekaa mbele ya ukuta uleule huupita bila kuuona, kwa kuwa picha hizo mbili karibu zinafanana. Taa ikiwaka ghafla, inaihesabu mkato. Hesabu dakika mbili kwa mkono, linganisha, ndipo upandishe au ushushe hiyo 0.3, yaani kiasi ambacho picha lazima ibadilike ndipo ihesabiwe mkato.

Safu ya tatu inatoka kwenye grafu ya waliobaki, ndani ya YouTube Studio. Hapa nilipotea miezi. Nilikuwa naandika asilimia ya waliobaki, na kwa kuwa mstari ule kwa kawaida hushuka, dakika za mwisho zilionekana mbovu siku zote. Andika waliopotea ndani ya dakika, ugawanye kwa waliokuwapo ilipoanza. Sekunde 30 za mwanzo zitenge kabisa. Wengi hapo wanakimbia kichwa cha habari kilichowadanganya.

Kwenye pilau, dakika ya 4 ilikuwa na mikato 22 na tukio moja: mimi nikieleza aina za mchele. Waliobaki walishuka kutoka 52 hadi 44, yaani karibu asilimia 15 ya waliokuwapo. Dakika ya 7 ilikuwa na mikato 5: kitunguu kinageuka rangi sufuriani. Kutoka 38 hadi 37, hata asilimia 3 haifiki.

Nikataka kushangilia kwamba mikato inafukuza watu. Wapi! Nilikata sana dakika ya 4 kwa sababu maelezo yalikuwa yananichosha hata mimi. Mikato ilikuwa dalili tu. Kitunguu kiliwashika kwa kuwa walikuwa wanangoja rangi.

Kwa hiyo kwenye biriani niliacha mikato ya maelezo ya mchele jinsi ilivyokuwa, nikayahamishia wakati mchele unaoshwa mbele ya kamera. Dakika ile ilipoteza asilimia 6. Video moja haitoshi kunishawishi, lakini tangu hapo daftari lina safu ya nne: mtazamaji anangoja nini sasa hivi.