Kampuni inasitisha uwakala wako na stoo bado ina mzigo

"Wakuu, kampuni ya betri za sola imeniletea barua, siku 60 uwakala unaisha. Stoo nina mzigo wa karibu milioni 40, nadaiwa, na wateja wana waranti zao mkononi. Nianzie wapi?"

Mkuu, yalinikuta Mwanza, betri hizihizi za risasi za 12V, na barua ilikuwa ya siku 60 vilevile. Jina la kampuni nitaliacha.

Fungua mkataba utafute kipengele cha kampuni kununua tena mzigo. Kama hakimo, ujue mapema kwamba mzigo uliolipia au kukopa kwa ankara kwa kawaida ni mali yako, na kampuni haina wajibu wa kuuchukua tena. Utabaki kuomba, au kuumaliza mwenyewe kwa kuuza. Kama kimo, soma maneno mawili: "bei" na "hali". Mimi nilisoma bei tu, nikasahau hali.

Mkataba wangu ulisema watachukua bidhaa "zilizo katika hali ya kuuzika". Kwa sabuni maneno hayo hayana shida. Betri ya risasi ikikaa rafuni inajimaliza chaji yenyewe, na ikikaa tupu muda mrefu sahani zake zinaganda salfeti, haipokei tena chaji vizuri. Nilikuwa na betri 140. Kijana wa kampuni alikuja na mita, akaanza kugusa vichwa vya betri moja moja. Iliyosoma 12.6 aliipitisha. Iliyo chini ya 12.4 aliisogeza ukutani bila kusema neno. Mpaka saa tisa alasiri ukutani zilikuwa 22, na yeye ameshaandika "mbovu".

Nikakataa kusaini. Betri iliyoshuka chaji siyo lazima iwe mbovu. Tukakubaliana nizichaji, zipumzike usiku kucha zikiwa hazijaunganishwa na kitu, ndipo tupime tena. Zikarudi 15, saba zikaanguka. Saba hizo ni zangu, maana nilikuwa sizichaji kila baada ya miezi michache kama inavyotakiwa. Kwa hiyo wewe zichaji leo, kabla hawajaja kuhesabu, na hesabu ifanyike mkiwa wote wawili, karatasi moja, sahihi mbili, namba ya kila betri imeandikwa.

Kwenye bei walijaribu kunipiga. Nilinunua kwa 260,000, wao wakati ule walikuwa wameshusha hadi 230,000, wakataka kurudisha kwa bei mpya. Mkataba ulisema bei ya ankara, makato asilimia 5 ya usafiri na ukaguzi. Betri 133 kwa 260,000 ni 34,580,000, toa 1,729,000, inabaki 32,851,000. Kwa bei yao ningepoteza karibu milioni 4 zaidi. Nilikuwa nadaiwa 19,000,000, tukazikata humohumo, wakanilipa 13,851,000. Usigome kulipa deni ukidhani unawabana. Ukichelewesha malipo unawapa sababu ya kusema wewe ndiye uliyevunja mkataba, na kipengele cha kununua tena kinaweza kwenda nacho.

Jambo la VAT lisikupite. Kama karatasi zinasema ni marejesho, wao ndio wanaotoa hati ya kupunguza ankara zao, na wewe unarekebisha kodi uliyoshadai. Kama zinasema unawauzia, wewe ndiye unatoa risiti ya EFD. Amueni lipi kabla ya gari kupakia, halafu mwite mhasibu wako.

Wateja sasa. Waranti yangu ilikuwa ya miezi 12, maana yake betri niliyouza wiki ya mwisho ingenidai karibu mwaka mzima baada ya mimi kutokuwa wakala. Niliandika orodha ya kila betri niliyouza ndani ya miezi hiyo: namba, tarehe, simu ya mteja. Nikawapelekea kwa barua pepe, nikaomba wathibitishe kwa maandishi kwamba watabeba madai hayo, na kwamba waniachie betri 6 za kubadilishia, zikibaki wazichukue. Walilalamika wiki nzima, mwisho wakaniachia 4. Advansi za wateja ambao mzigo wao haukuwa umefika niliwarudishia mwenyewe, kwa sababu pesa nilipokea mimi.

Bango la "wakala rasmi" nililishusha siku ya mwisho. Kile kinachobaki ambacho hawajakichukua unaweza kuendelea kukiuza, ni mali yako halali, mradi mkataba haujakuzuia na hujiiti wakala. Waandikie wateja WhatsApp sasa, uwaambie madai waende wapi. Mmoja wangu wa Sengerema sikumwandikia. Alikuja na betri imefungwa kwenye kiti cha pikipiki, akakuta bango halipo, akaanza kunitangaza sokoni kuwa nimetoroka. Nilimbadilishia moja ya zile nne, na yeye ndiye aliyekwenda kuwaambia wenzake kwamba nipo.