Kapu lililoachwa: kumbusha kwanza, punguzo lije mwisho

Mteja akijaza kapu kisha akaondoka bila kulipa, wenye maduka wengi mkono huwakimbilia kwenye kuponi. "Rudi umalizie oda yako, tunakupunguzia asilimia 10." Nimeendesha duka dogo la mtandaoni kwa muda wa kutosha kujua kwamba oda huongezeka kweli ukifanya hivyo. Pesa inayobaki mkononi ni habari nyingine, na ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Chukua bidhaa inayouzwa kwa 100, kwa fedha yoyote unayotumia. Ukijumlisha bei uliyonunulia, vifungashio na makato ya malipo, imekugharimu 65. Faida yako ni 35. Ukitoa punguzo la asilimia 10, mteja analipa 90 na faida inashuka hadi 25. Kwa mteja umeondoa sehemu moja ya kumi. Kwako wewe umeondoa zaidi ya robo ya faida. Hapo ndipo wengi wanapojipunja bila kujua, kwa sababu wanapiga hesabu kwa bei ya bidhaa badala ya faida.

Sasa tuseme kuna makapu 100 yaliyoachwa, kila moja na bidhaa hiyo moja. Usipotuma chochote, watu 8 wanarudi wenyewe na kununua, unapata 280. Ukituma ujumbe wa kukumbusha tu, bila ofa yoyote, wanarudi 14, unapata 490. Ukituma ujumbe wenye punguzo la asilimia 10 tangu mwanzo, wanarudi 17. Kwenye orodha ya oda unaona ushindi, lakini 17 mara 25 ni 425. Umefunga mizigo mitatu zaidi na umebaki na pesa kidogo. Ili punguzo hilo lishinde ujumbe mtupu, lingehitaji kurudisha watu 20. Namba hizi ni za mfano, weka za duka lako, ila sura ya hesabu haibadiliki: wale 14 ambao wangerudi kwa kukumbushwa tu, umewapa zawadi ambayo hawakuwa wakiihitaji.

Kwa hiyo utaratibu ninaoushauri ni wa hatua. Ujumbe wa kwanza uende takriban saa moja baada ya kapu kuachwa, bila punguzo. Wa pili kesho yake, nao bila punguzo. Ofa ije kwenye ujumbe wa tatu, siku ya tatu hivi, na iende kwa waliobaki tu. Turudi kwenye mfano: 14 wamesharudi kwa bei kamili, wamebaki 86. Tuseme ofa ikavuta 4 kati yao. Hao 4 kwa faida ya 25 ni 100, juu ya ile 490, jumla 590. Punguzo ni lilelile, tofauti ni nani kalipata na lini.

Saa moja si sheria. Kwa kitu cha bei ndogo, mtu huamua haraka na kusahau haraka, hivyo kungoja hadi kesho ni kumpoteza. Kwa kitu cha gharama kubwa, mteja bado yuko kwenye kulinganisha, na ujumbe wa mapema unamfanya ahisi anafuatwafuatwa. Hapo mpe nusu siku. Na usitume usiku wa manane, hata kama kapu limeachwa usiku wa manane. Mfumo mwingi wa duka una mahali pa kuweka saa za kimya. Kama wako hauna, chelewesha hadi asubuhi.

Maneno ya ujumbe wa kwanza yasizidi yale ambayo mtu anaweza kuyasoma kwenye kioo cha simu bila kusogeza kidole. Huu ndio mtindo ninaoutumia:

"Habari. Mkoba wa kahawia uliouchagua bado uko kwenye kapu lako. Ukitaka kumalizia, gusa hapa: [linki]. Kama kuna kitu kimekukwamisha, jibu ujumbe huu, nitakusaidia mwenyewe."

Taja bidhaa kwa jina, maana "umesahau kitu" inasomeka kama matangazo ya kila mtu. Halafu usiiache ile sentensi ya mwisho. Wanaojibu si wengi, lakini majibu yao yana thamani kuliko ripoti yoyote. Mmoja atauliza kama saizi zinakuja kubwa. Mwingine atasema amejaribu kulipa mara mbili na ukurasa umegoma. Wa tatu atalalamika kwamba gharama ya usafirishaji imemshtua mwishoni. Kati ya hao watatu, hakuna aliyekuwa akihitaji asilimia 10. Wa kwanza anataka jibu, wa pili anataka njia nyingine ya kulipia, na wa tatu ana hoja ambayo huwezi kuimaliza kwa ujumbe.

Huyo wa tatu tumkalie kidogo. Taasisi ya Baymard, ambayo kwa miaka imekusanya tafiti za makapu yanayoachwa, inaweka wastani karibu na 70 kwa kila makapu 100. Sehemu kubwa ya wanaoyaacha walikuwa wanatazama tu, na hao hakuna ujumbe utakaowageuza. Lakini ukiwaweka kando, sababu inayotajwa zaidi ni gharama za ziada, yaani usafirishaji, kodi na ada, zinazojitokeza ukurasa wa mwisho. Ukiona majibu ya namna hii yanajirudia, acha kwanza habari ya ujumbe. Onyesha gharama ya usafirishaji kwenye ukurasa wa bidhaa, kabla mtu hajaweka chochote kapuni. Huenda makapu yakapungua, lakini yatakayobaki yatakuwa ya watu wanaojua wanachokwenda kulipa.

Na ofa ya siku ya tatu nayo si lazima iwe kupunguza bei. Kama kusafirisha mzigo kunakugharimu 6 na kwa kawaida mteja ndiye anayelipa, basi kubeba gharama hiyo wewe kunakuachia faida ya 29 badala ya 25, na kunagusa palepale palipomuuma. Bidhaa iliyopunguzwa bei leo, kesho inaonekana ghali kwa bei yake halisi. Usafirishaji wa bure hauachi doa hilo. Weka tu kiwango cha chini cha kapu, kwa sababu 6 kwenye oda ya 100 inavumilika, lakini kwenye oda ya 20 inameza karibu faida yote.

Ofa yoyote utakayochagua, msimbo wake uwe wa mtu mmoja na wa kutumika mara moja, na uishe baada ya saa 48. Msimbo mmoja wa wote, kama KARIBU10, haukai siri. Utaukuta kwenye tovuti zinazokusanya kuponi, na watu ambao hawajawahi kuacha kapu watautumia. Dalili yake ni rahisi kuiona: msimbo unatumika mara nyingi kuliko ujumbe uliotuma.

Dalili nyingine ya kuangalia ni mteja yuleyule anayeacha kapu kila anapokuja, anasubiri siku tatu, kisha ananunua kwa kuponi. Huyo hajasahau chochote, ameshausoma mchezo wako. Mimi simlaumu, ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Weka kikomo: mteja mmoja apate ofa ya kapu mara moja tu kwa siku 90, na aliyewahi kununua kwa bei kamili apate ujumbe wa kukumbusha bila ofa.

Upande wa mitambo, mambo mawili ndiyo huharibu kazi. La kwanza ni linki inayofungua kapu tupu. Mara nyingi kapu limehifadhiwa kwenye kivinjari cha kifaa alichotumia mteja, kwa hiyo akiwa amechagua kwenye kompyuta na ujumbe akaufungulia kwenye simu, haoni kitu. Linki inapaswa kubeba utambulisho wa kapu ili lijengwe upya popote. Ijaribu mwenyewe: acha kapu kwenye kifaa kimoja, fungua linki kwenye kingine. La pili ni kumkumbusha mtu aliyekwisha kununua. Hutokea malipo yanapochelewa kuthibitishwa, au mteja anapoagiza upya kwa namba nyingine. Mfumo ukague oda kabla ya kila ujumbe, si kabla ya ule wa kwanza pekee, na ukague bidhaa kama bado ipo stoo. Kumrudisha mtu kwenye kitu kilichokwisha ni afadhali usingemwandikia.

Kuna pia suala la ruhusa. Huwezi kumkumbusha ambaye hujui pa kumpata, hivyo weka sehemu ya namba au barua pepe mwanzoni mwa ukurasa wa malipo, kabla ya anwani, na kando yake kisanduku cha kukubali kupokea ujumbe. Kisanduku kiwe tupu, mteja akiweke alama mwenyewe. Ukitumia mfumo wa kibiashara wa WhatsApp unaotuma ujumbe wenyewe, ni lazima mteja awe amekubali, na usipokuwa ndani ya saa 24 tangu alipokuandikia mara ya mwisho, unaruhusiwa kutuma kiolezo kilichoidhinishwa tu. Vikumbusho vya kapu huhesabiwa kama matangazo na hulipiwa hivyo. Ongeza gharama hiyo kwenye ile hesabu ya juu.

Limebaki swali la kujua kama yote haya yanafanya kazi. Usiitegemee ile namba ya "oda zilizookolewa" ambayo programu inakuonyesha. Kwa kawaida programu huhesabu kila oda iliyokuja siku chache baada ya ujumbe, wakiwemo wale 8 ambao wangerudi wenyewe. Njia ya kuwatenganisha ni kuacha kundi bila ujumbe. Kama namba ya kapu inaishia na tarakimu shufwa, tuma. Ikiishia na witiri, usitume. Baadaye linganisha faida, siyo oda, ya makundi mawili.

Duka dogo hapa linahitaji subira. Ukiwa na makapu 30 kila upande na tofauti ni oda 2, hiyo inaweza kuwa bahati tu, na wiki ijayo ikageuka. Endelea hadi kila kundi lifikishe mamia, na katikati usibadilishe maneno wala saa za kutuma, la sivyo hutajua ni nini kilicholeta tofauti. Kundi likitosha, anza na swali la kwanza kabisa, ujumbe mtupu dhidi ya kimya. Ofa ipimwe baada ya hapo, kwa waliofika siku ya tatu pekee.