"Huenda" ikae wapi katika mjadala wa matokeo?

*"Mwalimu, katika mjadala wa makala yangu niliandika: 'Utafiti huu umethibitisha kwamba wanafunzi wa Uganda hukosea upatanisho wa majina ya wanyama kwa sababu ya Kiganda.' Mhakiki akasema nimedai makubwa. Nikatia huenda na labda kila mahali, mhakiki wa pili akasema haoni nilichogundua. Nishike lipi?"* — Msomaji, Mukono

Wahakiki wako wote wawili wana haki. Sentensi hiyo ina madai matatu uliyoyafunga mzigo mmoja: kwamba makosa yapo, kwamba ni ya wanafunzi wa Uganda, na kwamba chanzo chake ni Kiganda. Ushahidi wa kila dai una uzito wake. Mara ya kwanza uliyapa yote uhakika uleule, mara ya pili ukayapa yote shaka ileile.

Tuseme uliwapa wanafunzi 40 wa shule moja, wote waliokulia Kiganda, sentensi za kukamilisha, na 29 wakaandika "mbwa imelala" badala ya "mbwa amelala". Hilo umelihesabu kwa mkono wako. Ukiandika "huenda baadhi ya wanafunzi walikosea", unatilia shaka macho yako mwenyewe, na ndipo mhakiki wa pili alipopotea. Sema tu: "Wanafunzi 29 kati ya 40 walitumia i-."

Nimesema "walitumia", si "hutumia", na hapa nataka tukae kidogo. Waandishi wengi wakiambiwa wapunguze makali hukimbilia kufuta "imethibitisha", halafu wanaiacha hu- palepale. Kumbe hu- ndiyo inayovimbisha dai. "Wanafunzi wa Uganda hukosea" maana yake ndiyo kawaida yao, jana, leo na kesho, pamoja na Waacholi wa Gulu na Walugbara wa Arua ambao hukuwauliza lolote. Ukitanguliza "labda" kabla ya sentensi hiyo, dai linabaki na upana uleule, ila sasa linasemwa kwa sauti ndogo. Dawa yake ni -li- na "wanafunzi hawa".

Sasa chanzo. Dhana yako ina mashiko: Mganda husema *embwa yeebase*, yaani mbwa amelala, na kiambishi cha kitenzi kinafuata ngeli ya jina bila kujali kwamba mbwa ana uhai. Lakini hukuwa na kundi la kulinganisha. Kiacholi hakina mfumo wa ngeli kama wetu. Je, wanafunzi wa Gulu nao wakiandika "mbwa imelala"? Hapo Kiganda hakiwezi kubeba lawama peke yake. Tena "ng'ombe imepotea" utaisikia mtaani Kampala, na Nairobi pia, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuwa ameiokota huko. Shaka yako yote ina makao hapa, kwenye sababu.

Neno lipi basi? "Inawezekana" inasema tu kwamba mlango haujafungwa. Ni dhaifu mno kwa mtu mwenye hoja kama yako. "Huenda" iko katikati. "Inaelekea" inasema ushahidi umeegemea upande mmoja, nami ningechagua hiyo. Chagua moja. Katika rasimu moja niliwahi kukuta "huenda labda ikawezekana kuwa", na sikujua mwandishi anaamini nini. Badili na kitenzi pia: "kimechangia" kinaacha nafasi kwa sababu nyingine, "kimesababisha" kinaifunga.

Kuhusu mapungufu, usiyarundike mwishoni kwa "sampuli ilikuwa ndogo" isiyosema inagusa dai lipi. Weka pungufu kando ya dai lake, mara moja, useme linazuia nini. Aya yako ingekuwa hivi:

"Wanafunzi 29 kati ya 40 walitumia kiambishi i- kwa mbwa. Matumizi haya yanalingana na Kiganda, ambamo upatanisho hufuata ngeli ya jina, si uhai wa mnyama. Kwa hiyo inaelekea Kiganda kimechangia makosa ya wanafunzi hawa. Hata hivyo, kwa kuwa hatukuwapima wasiozungumza Kiganda, hatuwezi kutenganisha mchango huo na ule wa Kiswahili cha mtaani."

Utaona nimeiacha hu- moja, kwenye "hufuata". Hiyo ni kanuni ya sarufi ya Kiganda, haikutoka kwa wanafunzi wako 40, na mhakiki hana ugomvi nayo.