Mstari mmoja chini ya jina, au muhtasari?

*Swali: Habari za kazi. Mimi ni mhasibu, nina miaka saba kazini, minne ya mwisho nashughulika na mishahara na kodi za wafanyakazi kiwandani. Juu ya CV yangu kuna muhtasari wa mistari sita. Rafiki yangu aliye ofisi ya utumishi ananiambia niufute, niweke mstari mmoja tu chini ya jina. Je, nimsikilize?*

Msikilize. Kwa mtu ambaye kazi yake ya sasa na kazi anayoiomba ni za njia moja, mstari huo unatosha, na muhtasari mara nyingi unauchelewesha ujumbe.

Anayechambua maombi hasomi CV kama barua. Anatazama jina, kisha anatafuta cheo cha sasa, mwajiri na miaka. Mistari sita ikikaa katikati, jicho linairuka, au linaisoma bila kupata jibu la swali lake la kwanza: huyu ni nani, na yuko upande gani wa kazi hii? Mihtasari mingi ya wahasibu hufanana: "Mhasibu mchapakazi, mwaminifu, mwenye uzoefu wa kutosha, anayeweza kufanya kazi na wenzake na bila kusimamiwa." Futa kila sifa ambayo mwombaji mwingine yeyote angeweza kujiandikia. Hapo linabaki neno "mhasibu" peke yake, na la mishahara halimo kabisa, ingawa ndilo linalokutofautisha na wenzako.

Kwako ningeandika hivi:

Mhasibu, CPA(T) – Mishahara na kodi za wafanyakazi viwandani

Kwanza cheo, kisha unachokijua zaidi. Usiongeze kitu cha tatu. Ukitaka kuingiza kodi ya PAYE, tozo ya SDL, michango ya NSSF, hesabu za mwisho wa mwaka na ukaguzi wa ndani, mstari unageuka orodha, na msomaji hajui tena umebobea wapi. Hayo, pamoja na idadi ya wafanyakazi unaowaandalia mishahara, yaweke kwenye maelezo ya kazi yako ya sasa, tena mwanzoni kabisa. Kama mtihani wa bodi ya wahasibu, NBAA, bado hujaumaliza, sifa ya CPA(T) isionekane hapo. Hatua uliyofikia itajwe kwenye sehemu ya elimu.

Cheo chenyewe ndicho kinachowaponza wengi. Tuseme mkataba wako unasema "Afisa Fedha Daraja la II", na tangazo linatafuta "Mhasibu wa Mishahara". Juu unaweza kuandika "Mhasibu wa Mishahara" ikiwa hiyo ndiyo kazi unayoifanya kila mwezi, maana mstari huo unataja fani yako. Lakini kwenye historia ya kazi cheo kibaki kama kilivyo kwenye mkataba, kwa sababu mwajiri mpya akimpigia simu wa zamani, hicho ndicho atakachosomewa. Kujipandisha kuwa "Mkuu wa Mishahara" wakati juu yako kuna mkuu ni jambo lingine, na hugundulika kwa swali moja tu la usaili: nani alikuwa anaidhinisha malipo?

Jina likiwa na herufi za ukubwa wa 18, mstari huu uwe 12, usizidi upana wa ukurasa. Uandike ndani ya ukurasa wenyewe, si kwenye eneo la juu ambalo hujirudia kila ukurasa, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya kupokea maombi haisomi eneo hilo. Kisha mwoneshe CV mtu asiyejua unaomba nini, kwa sekunde chache tu, uichukue na kumwuliza unaomba kazi gani. Akijibu "uhasibu", bado. Unataka aseme "mishahara".

Muhtasari una mahali pake, nao ni pale historia ya kazi inapoubishia mstari. Mwalimu wa hisabati aliyesomea uhasibu jioni akiandika "Mhasibu" chini ya jina, halafu kazi ya kwanza inayoonekana ni ualimu, msomaji anaona mambo mawili yasiyopatana. Huyo anahitaji sentensi mbili au tatu za kuunganisha: alikotoka, alichosomea, na hesabu alizowahi kuzishika, hata kama ni za SACCOS ya walimu. Vivyo hivyo kwa aliyekaa nje ya kazi miaka kadhaa.

Na ukiomba serikalini kupitia Ajira Portal, usipoteze jioni nzima kwa mstari huu. Kule unajaza taarifa zako sehemu kwa sehemu, kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye kujaza elimu, vyeti na vyeo sawasawa na nyaraka unazoambatisha.