Kikumbusho changu kilipoishia kwenye statasi ya wateja

Msomaji wa Nakuru ameniuliza kwa nini nahangaika kuwakumbusha wafanyakazi wa maduka waposti matangazo, badala ya kununua programu iposti yenyewe. Ndugu yangu, ya ukurasa wa Facebook nayapanga yote Jumapili usiku, yanatoka yenyewe wiki nzima. Ila statasi ya WhatsApp haina njia rasmi ya programu kama hizo kupitia, na makundi ya Facebook nayo yalifungiwa programu za nje Aprili 2024. Hapo lazima kidole cha mtu.

Nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nashughulikia matangazo ya duka la viatu hapa Kisumu. Kila asubuhi saa kumi na mbili unusu nilituma kikumbusho kwenye kundi la wafanyakazi watatu. Saa hiyo wote wako kwenye matatu, na simu ya duka imefungiwa kwenye droo. Wakifika, kila mmoja anadhani mwenzake ameshaposti. Siku moja dada wa kaunta akajitolea, kwa simu yake mwenyewe. Wakaiona shangazi zake, kwa sababu statasi humfikia tu yule uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Wateja wana namba ya duka, si yake.

Nikafoka. Kesho yake akatumia simu ya duka, akanakili ujumbe wangu wote, akaubandika. Wateja wakasoma: "Weka hii saa tatu, na usisahau tena kama jana. Raba za shule, bei imeshuka." Mwenye duka alinipigia kabla sijamaliza chai.

Kosa lilikuwa langu. Ukibonyeza ujumbe na kunakili, WhatsApp huchukua ujumbe mzima, maagizo na tangazo pamoja. Tangu hapo natuma jumbe tatu mbalimbali, moja kwa moja kwenye simu ya duka ninalolihudumia, saa tatu kasoro dakika kumi, duka likiwa limeshafunguliwa. Ya kwanza ni agizo, lenye jina la mtu mmoja tu. Ya pili ni picha, niliyoituma kama dokumenti ili isipoteze ubora njiani. Ya tatu ni maneno ya tangazo matupu, bila hata salamu.

Akishaweka, ananitumia picha ya skrini. "Sawa" siihesabu, niliwahi kupewa "sawa" nne kwa wiki bila statasi hata moja. Saa tatu na nusu ikipita kimya, namwandikia msaidizi wake. Na wewe unayewatukana wafanyakazi wako kundini, fungua kwanza kile ulichowatumia ukisome kama mtu mwenye mteja mbele yake.

Yule mwenye duka aliniacha mwezi huohuo. Jana wameposti picha iliyofifia, haina bei. Kumbe namba yangu hawajaifuta, maana statasi zao bado naziona.